Makala inayosema konstraktivizimu imeshindwa: kuihakiki, si kuisimulia

*"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha fizikia sekondari hapa Tanga mjini, na jioni nasoma shahada ya uzamili ya elimu. Tumepewa makala ya Kirschner, Sweller na Clark ya mwaka 2006 tuihakiki: hoja yake, ushahidi wake na mipaka yake. Niliandika kurasa sita, mhadhiri akanirudishia na maneno mawili: 'Umesimulia, hujahakiki.' Naanzia wapi? Na kama hawa maprofesa wako sahihi, hizi mbinu shirikishi tunazohimizwa kila semina ni za kutupwa?"*

Marahaba, mwalimu. Kabla hujagusa kitu kingine rudi kwenye kichwa cha makala, maana ugomvi wote umo pale. Waandishi wanasema watatueleza kwa nini ufundishaji wenye mwongozo mdogo haufanyi kazi, halafu wanataja wanaouhesabu kuwa wa namna hiyo: konstraktivizimu yenye kusema kwamba mwanafunzi hujenga maarifa yake mwenyewe, ujifunzaji kwa kugundua, kwa kutatua matatizo, kwa uzoefu, na kwa uchunguzi. Vitu vitano katika kapu moja. Msimulizi ataandika kwamba waandishi wanapinga mbinu tano, kisha aendelee na ukurasa wa pili. Mhakiki atachukua lile kapu alimwage chini, aangalie kama vilivyomo kweli ni samaki wa aina moja.

Nakuambia hivi kwa sababu makala hii ni nzuri. Imeandikwa kwa nguvu, haizidi kurasa kumi na mbili, na kwa muda mrefu nimewaona wanachuo wakiisoma na kugawanyika pande mbili: wapo wanaoimeza nzima kwa kuwa inatetea chaki na ubao, na wapo wanaoitupa nzima kwa kuwa inagusa imani yao. Wote hawajaihakiki. Makala hii ina sehemu iliyo imara sana na sehemu inayovuja, na kazi yako ni kuonyesha mpaka kati ya hizo mbili unapita wapi.

Tuanze na sehemu imara. Hoja yao inaanzia kwenye kumbukumbu. Binadamu ana kumbukumbu tendaji, ile tunayofikiria nayo sasa hivi, na kumbukumbu ya muda mrefu, ghala la yote tunayoyajua. Kumbukumbu tendaji ni ndogo mno kwa mambo mapya. Tangu George Miller alipoandika mwaka 1956 imekuwa ikitajwa idadi ya vitu saba hivi, na watafiti wa baadaye wameishusha hadi karibu vinne. Kitu kipya kisichorudiwa hupotea humo ndani ya nusu dakika. Ghala halina ufinyu huo. Mfano wao ni wa wachezaji wa sataranji: bingwa akionyeshwa kwa sekunde chache ubao wa mchezo halisi huweza kuupanga tena karibu wote, na anayeanza hawezi. Mkipanga kete ovyo, ubora wa bingwa karibu unapotea. Maana yake ubingwa wake hautoki kwenye akili pana kuliko ya wengine. Unatoka kwenye ghala lililojaa mipangilio ambayo ameshaiona.

Kutokana na hapo wanajenga hatua nyingine. Mwanafunzi mgeni wa mada hana cha kuchota ghalani. Ukimwambia atafute mwenyewe suluhisho, kule kutafuta kunaijaza kumbukumbu tendaji, na hakubaki nafasi ya kuhifadhi alichokutana nacho. Anaweza hata kupata jibu na asijue alilipataje. Ndiyo sababu, wanasema, katika majaribio ya aljebra ambayo Sweller na Cooper walitoa mwaka 1985, wanafunzi waliosoma mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua walifanya vizuri kuliko waliopewa maswali yaleyale wayatatue peke yao. Kwao, kujifunza ni mabadiliko katika kumbukumbu ya muda mrefu. Kama ghalani hakukuingia kitu, hakuna kilichojifunzwa.

Mpaka hapa mimi sina ugomvi nao, na wewe usitafute ugomvi kwa ajili ya kuonekana mhakiki. Andika wazi kwamba hoja inasimama kwa mwanafunzi mgeni wa mada anayeachiwa kazi ngumu bila msaada.

Sasa angalia daraja linalofuata. Kutoka "mgeni akiachwa atafute peke yake anazidiwa" wanavuka kwenda "ufundishaji wa kikonstraktivisti umeshindwa". Ili uvuke salama unahitaji mbao moja katikati: kwamba ufundishaji wa kikonstraktivisti ndiyo kumwacha mwanafunzi atafute peke yake. Mbao hiyo haijapigiliwa. Wameiweka kwenye fasili, mwanzoni kabisa, pale wanapoeleza mwongozo mdogo kuwa ni hali ambayo mwanafunzi hapewi maarifa ya msingi bali anatakiwa ayagundue au ayajenge mwenyewe. Soma tena hilo neno "au". Kugundua na kujenga si kitu kimoja. Mwanafunzi anayemsikiliza mwalimu anajenga pia maarifa kichwani mwake, la sivyo asingeelewa chochote. Na jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: waandishi wenyewe wanakiri ndani ya makala kwamba maelezo ya konstraktivizimu kuhusu jinsi watu wanavyojifunza ni sahihi, wanachokataa ni mapendekezo ya ufundishaji ambayo watu wameyatoa humo. Basi kichwa cha makala kinadai zaidi ya yanayodaiwa ndani. Hilo peke yake ni ukurasa mzima wa uhakiki wako.

Kuna hoja yao nyingine ambayo naomba usiiache, kwa kuwa ni ya haki na inatugusa sisi walimu wa sayansi. Wanasema tumechanganya namna mwanasayansi anavyopata maarifa mapya na namna mtoto anavyojifunza yaliyokwisha kujulikana. Mtafiti anachunguza akiwa na ghala limejaa. Mtoto wa kidato cha kwanza hana ghala hilo, na kumvalisha koti jeupe hakumpi.

Tuje kwenye ushahidi. Hapa jambo la kwanza la kusema ni la aina ya makala yenyewe. Hii si ripoti ya utafiti mmoja, wala si mapitio yanayoeleza tafiti zilitafutwaje, zipi zilichukuliwa na zipi ziliachwa kwa kigezo gani. Ni makala ya hoja, ambamo tafiti zinaitwa kama mashahidi wa upande mmoja. Hakuna ubaya kuandika hivyo, ila msomaji lazima ajue kwamba mashahidi waliochaguliwa na mwenye kesi hawatoshi kukata shauri. Kinachobaki ni wewe kumwita shahidi mmojammoja na kumhoji.

Mhoji huyu, kwa kuwa ndiye anayetajwa kuliko wote: utafiti wa David Klahr na Milena Nigam wa mwaka 2004. Walichukua watoto 112 wa darasa la tatu na la nne nchini Marekani. Walitaka wajifunze kanuni moja: unapolinganisha vitu viwili, badilisha jambo moja tu, mengine yote yabaki sawa. Kifaa kilikuwa miteremko midogo ya kuviringisha mpira. Mtoto aliweza kubadilisha ukali wa mteremko, uso wake, urefu wa njia na aina ya mpira. Watoto wanane walionekana tayari wanaijua kanuni, wakatolewa. Waliobaki 104 waligawanywa 52 kwa 52. Kundi moja lilifundishwa moja kwa moja, jingine likaachiwa ligundue. Mwishoni, katika kundi lililofundishwa, watoto 40 waliimudu kanuni; katika kundi la ugunduzi, 12. Yaani asilimia 77 kwa 23.

Msimulizi anaishia hapo na kuandika "utafiti unathibitisha". Wewe uliza maswali manne, kwa shahidi huyu na kwa kila anayefuata: kundi lililoshindwa lilifanyiwa nini hasa, lililoshinda lilifanyiwa nini hasa, walipimwa nini, na baada ya muda gani.

Kundi la ugunduzi lilipewa vifaa na lengo, kisha likaendelea lenyewe. Hakuna mwalimu aliyeuliza "mbona umebadilisha viwili?", hakuna aliyemwambia mtoto kama jaribio lake lina kasoro. Taja mwalimu yeyote makini wa mbinu shirikishi anayefundisha hivyo kwa makusudi. Hiyo ni kuachwa, na kuachwa kumeshindwa vibaya. Nakubali kabisa.

Sasa kundi lililoshinda. Watu wengi wanaposikia "kufundishwa moja kwa moja" wanaona ubao umejaa maandishi na watoto wamejikunja wananakili. Sivyo. Mfundishaji aliandaa majaribio mazuri na mabovu mbele ya mtoto, kila mara akimuuliza: kwa jaribio hili tunaweza kujua kwa hakika? Mtoto alijibu kwanza, ndipo akaelezwa kwa nini ndiyo au kwa nini hapana. Kabla ya hapo watoto wa makundi yote mawili walikuwa wameshashika vifaa na kujaribu kwa mikono yao. Kwa hiyo upande wa "mwongozo" ulikuwa na vifaa, maswali, fikra za mtoto na maelezo ya mwalimu kwa pamoja. Mwalimu wa Ngamiani akikuonyesha andalio la somo lenye hayo yote, ungeliita shirikishi.

Umeona kilichotokea? Namba ni za kweli, jaribio limepangwa vizuri, ila majina ya makundi yanatupotosha. Hilo ndilo jicho la uhakiki ambalo mhadhiri wako analitafuta.

Swali la muda lina jibu lake la baadaye. David Dean na Deanna Kuhn walichapisha mwaka 2007 utafiti wa watoto wa darasa la nne kuhusu kanuni ileile, lakini wakawafuatilia kwa wiki nyingi. Watoto waliofundishwa mara moja tu bila mazoezi walianza vizuri, kisha faida yao ikafifia. Waliofanya kazi za uchunguzi mara kwa mara kwa wiki kumi hivi waliishika kanuni hata wale ambao hawakufundishwa moja kwa moja. Idadi yao ilikuwa ndogo, watoto 15 kwa kundi, kwa hiyo usiutumie kama rungu. Na kuwa mwadilifu: makala unayoihakiki ilitoka 2006, waandishi hawawezi kulaumiwa kwa kutotaja kilichotoka mwaka uliofuata. Sema tu kwamba ushahidi wao ulipima siku chache, na ulipokuja kupimwa kwa muda mrefu picha ikabadilika.

Shahidi wa pili mkubwa ni elimu ya udaktari. Kuna vyuo ambako mwanafunzi hujifunza kwa kupewa kisa cha mgonjwa, na kundi dogo linajadili pamoja na mkufunzi. Waandishi wanaegemea mapitio ya Albanese na Mitchell ya mwaka 1993, yaliyoonyesha kwamba wanafunzi hao mara nyingi walikuwa nyuma kidogo katika mitihani ya sayansi za msingi na waliagiza vipimo vingi zaidi visivyo vya lazima. Lakini mapitio hayohayo yaliwaona wakifanya sawa au vizuri zaidi katika kazi ya kumhudumia mgonjwa, na waandishi wanalitaja hilo kwa haraka kisha wanapita. Hapa unaweza kuwashika: ni matokeo gani tunayoyahesabu kuwa ndiyo kujifunza? Ukihesabu mtihani wa maandishi, mbinu imeshindwa. Ukihesabu mgonjwa kitandani, hukumu haiko wazi.

Tena, darasa la aina hiyo lina mkufunzi anayeuliza, kisa kilichoandaliwa kwa uangalifu na hatua zinazojulikana. Cindy Hmelo-Silver na wenzake waliwajibu waandishi mwaka 2007 katika jarida lilelile kwa hoja hiyo: mnaita mwongozo mdogo kitu chenye mwongozo mwingi. Na katika toleo hilohilo wakajibu Schmidt, Loyens, van Gog na Paas. Watazame hawa wawili wa mwisho. Ni watafiti wa nadharia ya mzigo wa akili, nadharia ya Sweller mwenyewe, na bado walisema ujifunzaji kwa matatizo unaweza kupatana na jinsi kumbukumbu ilivyo. Ukosoaji unaotoka ndani ya nyumba una uzito wake.

Ukitaka kipimo kimoja cha mashahidi wengi kwa pamoja, chukua uchambuzi wa Alfieri na wenzake wa mwaka 2011, uliokusanya tafiti 164. Ugunduzi bila msaada ulipolinganishwa na kufundishwa wazi, kufundishwa wazi kulishinda kwa 0.38 ya mkengeuko sanifu. Ugunduzi wenye msaada, yaani wenye maoni ya mwalimu, mifano iliyotatuliwa na wanafunzi kutakiwa waeleze, ulipolinganishwa na njia nyingine, wenyewe ndio ulioshinda, kwa 0.30. Matokeo hayo mawili yakikaa pamoja yanaipasua makala yako vipande viwili kwa unyofu kabisa: nusu ya kichwa chake, ile ya mwongozo mdogo, imethibitika, nusu ya pili, ile orodha ya walioshindwa, haikuthibitika.

Sasa mipaka, na hapa ndipo rasimu nyingi za wanafunzi wetu zinapoharibika. Wanaandika: "Utafiti huu ulifanyika ng'ambo, hivyo hauhusiani na mazingira ya Tanzania." Sentensi hiyo ifute. Kumbukumbu tendaji ya mtoto wa Makorora haina upana tofauti na ya mtoto wa Marekani. Ukitaka kusema mazingira yanabadilisha kitu, lazima uonyeshe yanabadilisha nini na kwa njia gani.

Nikupe njia mbili. Ya kwanza ni lugha. Watoto wetu wengi wanamaliza darasa la saba kwa Kiswahili na wanaanza kidato cha kwanza kwa Kiingereza. Mtoto anaposoma maelekezo ya jaribio, sehemu ya kumbukumbu tendaji inatumika kuzivua maana zile sentensi kabla hajafika kwenye fizikia. Hii inaipa nguvu hoja ya waandishi: kumwacha mtoto huyu agundue peke yake kunamwelemea kuliko wale waliopimwa. Ya pili inaenda kinyume. Waandishi wanapendekeza mwongozo wa wazi kana kwamba ukiondoa ugunduzi, kinachobaki ni mwongozo mzuri. Katika darasa la watoto 70 kinachobaki mara nyingi ni kunakili, na kunakili hakukuwamo katika kundi lolote lililoshinda kwenye tafiti zao. Makala haisemi kitu kuhusu hali hiyo. Kwa hiyo mtu wa Tanga akiitumia kuhalalisha ubao na daftari, anaitumia kwa jambo ambalo haikulipima.

Ngoja nikusimulie somo moja, kwa kuwa linaonyesha yote mawili. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumtazama mwanachuo wa mafunzo kwa vitendo katika sekondari moja pembezoni mwa mji. Kidato cha kwanza, mkondo wenye wanafunzi 68, mada ya uchunguzi wa kisayansi. Alikuwa amejiandaa kwa moyo wote: kamba za mkonge, mawe ya ukubwa tofauti, misumari ya kutundikia. Akawaambia wagundue ni nini kinaifanya bembea iende upesi, akakaa pembeni kama alivyofundishwa semina, kwamba mwalimu ni mwezeshaji.

Kundi lililokuwa karibu nami lilifunga jiwe kubwa kwenye kamba ya sentimita 25 na jiwe dogo kwenye kamba ya mita moja. La kamba fupi likakata mizunguko kumi kwa sekunde kumi hivi. La kamba ndefu likatumia ishirini. Wakashangilia, wakaandika: jiwe zito hubembea upesi. Saa zao hazikudanganya na hesabu yao ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba walibadilisha uzito na urefu kwa pamoja, na katika bembea ya namna hii uzito hauna kazi, urefu wa kamba ndio unaoamua. Wanafunzi wale walitoka wakiwa wamejenga maarifa kweli, nayo ni ya uongo. Kati ya vikundi saba, ni viwili tu vilivyobadilisha jambo moja.

Saa ya mapumziko tulikaa chini ya mwembe tukaongea. Mkondo wa pili alianza tofauti. Alitundika mbele bembea mbili zenye kasoro ileile na kuuliza: kwa hizi mbili tunaweza kujua kwa hakika kama ni uzito? Akasubiri. Wakabishana. Mmoja akasema, "Mwalimu, mbona na kamba hazilingani?" Hapo akaeleza kanuni kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, akatundika jozi iliyo sawa, akauliza tena, ndipo akawapa vifaa. Dakika kumi za mwanzo, si zaidi. Vikundi vitano kati ya saba vilifanya jaribio linalofaa.

Ukiniuliza kama hilo ni ushahidi, nitakujibu hapana, na nataka uone kwa nini kabla mhadhiri wako hajakuonyesha. Mikondo haikugawanywa kwa bahati nasibu. Mwalimu alikuwa anafundisha somo hilo kwa mara ya pili, kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa amejifunza. Mimi niliyehesabu ndiye niliyemshauri. Na sikurudi baada ya mwezi kuona kama walikumbuka. Kisa hiki kinaeleza tu namna kosa linavyotokea. Usikiweke wala usiweke cha kwako katika uhakiki kama uthibitisho. Kiweke kama mfano wa unachomaanisha.

Mipaka mingine miwili itaje kwa ufupi. Kwanza, waandishi wenyewe wanakubali kwamba faida ya mwongozo hupungua mwanafunzi anapopata ujuzi, na tafiti za Slava Kalyuga na wenzake zinaonyesha inaweza hata kugeuka hasara, kwa kuwa mjuzi analazimika kusoma maelezo asiyoyahitaji. Kichwa cha makala hakina kikomo hicho. Pili, karibu kila kipimo chao ni cha kujua na kutatua. Hamu ya kuendelea kujifunza na uwezo wa kuuliza swali jipya havimo kwenye mizani.

Kuhusu kuandika kwenyewe: muhtasari usizidi nusu ukurasa. Kurasa mbili zipeleke kwenye lile daraja lisilo na mbao, kuanzia fasili ya mwongozo mdogo. Kurasa mbili nyingine zipeleke kwenye Klahr na Nigam kwa maswali yale manne, ukiwagusia Albanese na Mitchell kwa aya moja. Kilichobaki ni mipaka, ukianza na lugha. Aya yako ya hukumu isikike hivi, kwa maneno yako mwenyewe:

*Ushahidi unaotolewa unathibitisha kwamba wanafunzi wageni wa mada hujifunza kidogo wanapoachwa bila msaada. Hauthibitishi kwamba ufundishaji wa kikonstraktivisti umeshindwa, kwa sababu hali zilizopewa jina la "ugunduzi" hazikuwa na msaada ambao mbinu hizo huutaka, na hali zilizopewa jina la "mwongozo" zilikuwa na maswali na fikra za mwanafunzi ambazo mbinu hizo pia huzitaka.*

Angalia kwamba aya hiyo haina "mimi naona" wala "waandishi hawakuzingatia". Inasema ushahidi unabeba nini na haubebi nini. Hapo hakuna mtu wa Tanga anayepigana na maprofesa. Kuna msomaji aliyehesabu mashahidi.

Na hizo mbinu shirikishi za semina, mwalimu, usizitupe. Mtaala wa sekondari umesisitiza umahiri wa mwanafunzi tangu 2005, na Frances Vavrus, aliyeandika mwaka 2009 kuhusu mageuzi ya mafunzo ya ualimu hapa Tanzania, alitetea konstraktivizimu inayotegemea mazingira halisi ya mwalimu badala ya ile inayoletwa nzima kutoka nje. Makala hiyo isome sambamba na hii. Cha kuacha ni kile kitendo kimoja cha mwezeshaji kukaa pembeni mada ikiwa ngeni. Kwenye mada mpya anza na mifano iliyotatuliwa na swali la "tunaweza kujua kwa hakika?", msaada uuondoe kidogokidogo, na kikundi kinachoweza kukueleza kwa nini kamba zao zinalingana kimeshafika mahali pa kuachiwa.

Rasimu mpya ikiwa tayari, nitumie kwanza zile kurasa za Klahr na Nigam. Nikiona umeeleza kwa usahihi kundi ambalo watoto 12 tu waliimudu kanuni lilifanyiwa nini na lile ambalo 40 waliimudu lilifanyiwa nini, nyingine tutazirekebisha kwa jioni moja.